Namna ya kusahihisha video ya mwanafunzi wa uuguzi hatua kwa hatua

Mtahini wa uuguzi anayesimama kando ya meza ya mtihani ana kazi mbili zinazogombana. Sharti amtazame mwanafunzi, na sharti atie alama kwenye orodha iliyo mkononi mwake. Anapoinamisha kichwa kuandika kuhusu hatua ya sita, hatua ya saba na ya nane huenda zikampita, kwa kuwa mwanafunzi hamsubiri. Mtihani ukishakwisha hakuna la kurejelea ila kumbukumbu, na kumbukumbu za watu wawili ni nadra kulingana.

Kurekodi zoezi hilo kwa video huondoa sehemu ya tatizo hilo, lakini si lote. Video isiyosahihishwa kwa utaratibu huwa ushahidi tu wa kuzozania. Makala haya yanaeleza jinsi video ya aina hiyo inavyonukuliwa, yaani jinsi kila hatua iliyo kwenye orodha ya ukaguzi inavyoandikiwa wakati ilipofanyika na kile kilichoonekana, kabla ya alama yoyote kutolewa.

Kielelezo tutakachotumia ni cha watahini wawili, mmoja akiwa Kitale na wa pili Bungoma. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya (KMTC) kina kampasi katika miji yote miwili, na umbali ulio baina yao ni faida kwa kazi hii: mtahini anaweza kusahihisha kazi ya mwanafunzi asiyemjua kwa sura wala kwa jina. Hata hivyo, mwanafunzi, watahini na alama zinazotajwa hapa ni za kufafanulia njia tu. Si matokeo ya mtihani wa chuo chochote.

ORODHA ILITOKA WAPI

Mtihani wa vitendo wenye orodha ya ukaguzi ulienea baada ya mwaka 1975, pale Ronald Harden na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, walipochapisha maelezo ya mtihani wa vituo. Badala ya kila mwanafunzi kupewa mgonjwa wake na mtahini wake, wote walizunguka vituo vilevile, wakafanya kazi zilezile na kupimwa kwa orodha moja. Uuguzi uliichukua njia hiyo baadaye, nayo sasa ni ya kawaida katika vyuo vingi vya afya duniani.

Zoezi tulilolichagua ni la kumsaidia kupumua mtoto mchanga aliyezaliwa bila kulia. Hatua zake zinafuata mpango wa kuwasaidia watoto kupumua uliozinduliwa mwaka 2010 na Shirika la Madaktari wa Watoto la Amerika pamoja na washirika wake, na kurekebishwa mwaka 2016. Tumelichagua kwa sababu moja: ndani yake saa ni sehemu ya huduma. Mtoto hukaushwa, huwekwa kwenye joto na kusuguliwa mgongo. Asipopumua, kitovu hukatwa na hewa huanza kusukumwa kwa kifuko na barakoa kabla ya dakika moja kwisha tangu azaliwe. Wauguzi huiita Dakika ya Dhahabu. Baada ya hapo kifuko hubinywa mara 40 hivi kwa dakika, na mibinyo kati ya 30 na 50 hukubalika.

Mtahini aliye chumbani hawezi kupima mambo hayo yote kwa macho. Nani atatazama kifua cha mtoto, ahesabu mibinyo, asome saa ya ukutani na kuandika, yote kwa wakati mmoja?

KAMERA KABLA YA KALAMU

Unukuzi mzuri huanza kabla ya mtihani, kwa kuamua kamera ikae wapi. Katika zoezi hili kamera moja haitoshi. Ya kwanza huwekwa juu, upande wa miguu ya mtoto, ili mikono ya mwanafunzi na vifaa vyake vionekane. Ya pili huwekwa ubavuni, karibu usawa mmoja na meza, kwa sababu kifua kinachoinuka huonekana vyema kutoka ubavuni na karibu hakionekani kabisa kutoka juu. Simu mbili zilizofungwa kwenye vishikizo imara zinatosha.

Mtoto anayetumiwa ni mwanasesere wa mafunzo. Unaojulikana zaidi ni NeoNatalie, unaotengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Stavanger, Norwe. Mkufunzi hubinya vipira vidogo kuufanya ulie, upumue au kitovu chake kipigepige. Kifua chake huinuka pale tu hewa inapoingia ipasavyo. Barakoa ikivuja au kichwa kikipinda vibaya, kifua hutulia tuli, nayo kamera ya ubavuni huliona hilo.

Kumtumia mwanasesere kuna faida ya kisheria pia. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti, na video ya mgonjwa akihudumiwa huingia katika fungu hilo. Video ya mwanasesere haimfichui mgonjwa yeyote. Sura na sauti ya mwanafunzi, hata hivyo, ni data yake binafsi. Kwa hiyo anapaswa kuelezwa mapema nani ataitazama video, itahifadhiwa wapi na itafutwa lini. Faili hupewa nambari badala ya jina, na watahini huletewa nambari hiyo peke yake.

SIFURI NI IPI?

Swali la kwanza ambalo watahini hulazimika kuafikiana ni mahali saa inapoanzia. Saa ya video huanza kuhesabu kamera inapowashwa, lakini saa ya mtoto huanza mwili wake wote unapotoka. Katika kielelezo chetu kamera iliwashwa mwanafunzi akiwa bado anapanga vifaa, na mtoto "akazaliwa" video ikisoma 2:14. Hiyo ndiyo sifuri. Mtahini akisahau kutoa dakika hizo mbili na sekunde 14, atamhukumu mwanafunzi kwa kuchelewa ilhali hakuchelewa.

Baada ya hapo video hutazamwa mara tatu. Mara ya kwanza hutazamwa bila kusimamishwa, kama vile mtahini yuko chumbani, ili aone mtiririko wa kazi nzima. Mara ya pili husimamishwa kwa kila hatua na wakati wake kuandikwa. Mara ya tatu ni ya kuhesabu mambo yanayohesabika, kama mibinyo ya kifuko. Programu ya bure ya VLC inafaa kwa kazi hii, kwani kitufe cha E kwenye kibodi husogeza video picha moja baada ya nyingine, hivyo mtahini huweza kuona hasa ni lini barakoa iligusa uso.

Anachoandika mtahini ni kile alichokiona, wala si maoni yake. Maneno kama "alimkausha vizuri" hayamsaidii mtahini wa pili, maana uzuri wa huyu si uzuri wa yule. Huandikwa hivi: "Akausha kichwa, kifua na mgongo; kitambaa kilicholowa chaondolewa sekunde ya 17." Mwenzake anaweza kuifungua video kwenye sekunde hiyo na kuthibitisha au kukanusha.

Kwa mwanafunzi wetu, sehemu ya unukuzi ilisomeka hivi, wakati wa video ukitangulia na sekunde tangu kuzaliwa zikifuata:

2:14 (0) – Mtoto atoka mwili wote, halii.
2:18 (4) – Aanza kukausha.
2:31 (17) – Kitambaa kilicholowa chaondolewa. Mtoto afunikwa kikavu.
2:40 (26) – Asugua mgongo, mtoto hapumui.
2:52 (38) – Afunga na kukata kitovu.
3:10 (56) – Barakoa yagusa uso.
3:12 (58) – Mbinyo wa kwanza, kifua hakiinuki.
3:17 (63) – Arudia kuweka barakoa, arekebisha kichwa.
3:21 (67) – Kifua chainuka.
3:21 hadi 3:51 – Mibinyo 27.

Mistari hiyo kumi haina alama hata moja. Alama hutolewa baadaye, unukuzi ukiwa umekamilika, na kila mtahini hufanya hivyo peke yake bila kumpigia mwenzake simu.

WATAHINI WANAPOTOFAUTIANA

Orodha ya kielelezo chetu ilikuwa na hatua 20, na alama ya kupita ilikuwa asilimia 80. Mtahini wa Kitale alitoa "Ndiyo" kwa hatua 16, sawa na asilimia 80. Mwanafunzi amepita. Mtahini wa Bungoma alitoa "Ndiyo" kwa hatua 15, sawa na asilimia 75. Mwanafunzi yuleyule, kwa video ileile, ameanguka.

Walipolinganisha karatasi zao walikuta wameafikiana kwa hatua 17: 14 wote walisema "Ndiyo" na 3 wote walisema "Hapana". Mwafaka wa asilimia 85 unaonekana kuwa mkubwa, lakini unadanganya kidogo. Watahini wanaopenda kusema "Ndiyo" wataafikiana mara nyingi hata kama mmoja wao amefumba macho. Ndiyo sababu Jacob Cohen, mwanasaikolojia wa Amerika, alibuni mwaka 1960 kipimo cha kapa, ambacho huondoa mwafaka unaoweza kutokea kwa bahati.

Hesabu yake si ngumu. Kitale ilisema "Ndiyo" kwa asilimia 80 ya hatua na Bungoma kwa asilimia 75. Kwa bahati tupu wangekutana kwenye "Ndiyo" kwa 0.80 × 0.75, yaani 0.60, na kwenye "Hapana" kwa 0.20 × 0.25, yaani 0.05. Jumla ni 0.65. Mwafaka halisi wa 0.85 umeuzidi ule wa bahati kwa 0.20, ilhali ungeweza kuuzidi kwa 0.35 iwapo wangelingana kwa kila hatua. Ukigawanya 0.20 kwa 0.35 unapata 0.57. Kwa ngazi zinazotumiwa sana, zilizopendekezwa na Landis na Koch mwaka 1977, huo ni mwafaka wa wastani tu. Haitoshi kuamua kwa utulivu nani apite na nani arudie.

Hata hivyo, kapa haisemi nani kakosea. Kulijua hilo sharti kurudi kwenye unukuzi, na kuzitazama hatua tatu zilizowatenganisha.

HATUA TATU ZENYE UTATA

Ya kwanza ni ile isemayo kwamba hewa ianze kusukumwa kabla ya dakika moja. Kitale ilitoa "Ndiyo" kwa kuwa mbinyo wa kwanza ulikuja sekunde ya 58. Bungoma ilitoa "Hapana" kwa kuwa kifua hakikuinuka hadi sekunde ya 67. Wote wawili waliona jambo moja. Walichotofautiana ni maana ya neno "kuanza". Orodha hii ina hatua nyingine ya kutazama iwapo kifua kinainuka, na nyingine tena ya kurekebisha barakoa na kichwa kisipoinuka. Kumnyima mwanafunzi alama ya kuanza kwa sababu ya kifua ni kumwadhibu mara mbili kwa kosa moja, tena kosa ambalo alilitambua na kulirekebisha kwa sekunde chache. Waliafikiana kwamba "kuanza" ni mbinyo wa kwanza barakoa ikiwa usoni. Alama ikawa "Ndiyo", na maana hiyo ikaandikwa pambizoni mwa orodha ili iwafunge hata kwa wanafunzi watakaofuata.

Ya pili ni kasi ya kubinya. Kitale ilikadiria kwa macho kwamba kasi inafaa. Bungoma ilihesabu mibinyo 27 katika sekunde 30, ambayo ni 54 kwa dakika, juu ya kikomo cha 50. Hapa hapakuwa na la kujadiliana. Kosa hili ni la kawaida, kwani mkono wa mtu mwenye hofu hukimbia bila yeye kujua, na jicho la mtazamaji huizoea kasi hiyo baada ya sekunde chache. Mibinyo ikifuatana mno, hewa haipati muda wa kuingia na kutoka ipasavyo. Alama ikawa "Hapana".

Ya tatu ilikuwa kunawa mikono. Mwanafunzi alinawa, kama alinawa, kwenye beseni lililokuwa nje ya upeo wa kamera zote mbili, kisha akaingia akisema, "Nimekwisha kunawa." Kitale ilitoa "Hapana" kwa kuwa haikuona. Bungoma ilitoa "Ndiyo" kwa kuwa ilisikia. Wote walikuwa wameteleza. Kusema si kutenda, na kutoonekana si kutotendeka. Ndiyo maana karatasi ya unukuzi inahitaji safu ya tatu kando ya "Ndiyo" na "Hapana", yaani "Haikuonekana", na hatua inayoangukia hapo huondolewa kwenye hesabu hadi ipimwe upya.

UAMUZI

Baada ya mazungumzo hayo mwanafunzi alibaki na "Ndiyo" 15, "Hapana" 4 na "Haikuonekana" 1. Kumi na tano kwa kumi na tisa ni asilimia 79 hivi, chini kidogo ya alama ya kupita. Lakini lau kamera ingeliona beseni, na lau alinawa kweli, angekuwa na 16 kwa 20, ambayo ni 80 kamili. Je, ni haki mtu aanguke kwa sababu ya mahali simu ilipofungwa?

Si haki, na kwa hiyo jumla ya alama haipaswi kuachiwa uamuzi peke yake. Orodha nzuri huziteua tangu mwanzo hatua za lazima, ambazo mwanafunzi akikosa hata moja hapiti, hata apate zote zilizobaki. Katika kielelezo chetu kasi ya kubinya kifuko ilikuwa miongoni mwazo. Mwanafunzi alitakiwa kurudia zoezi, si kwa sababu ya asilimia moja iliyopungua wala ya beseni lisiloonekana, bali kwa mibinyo 27 aliyoweza kuonyeshwa na kuihesabu mwenyewe. Beseni nalo likasogezwa mbele ya kamera.

Watahini pia hubadilika. Anayesahihisha video 30 kwa siku huwa mkali asubuhi na mlegevu jioni, au kinyume chake, bila kujijua. Njia nyepesi ya kuligundua hilo ni kurudia video mbili za kwanza baada ya kumaliza ya mwisho, pasipo kutazama alama za awali. Zikitofautiana kwa zaidi ya hatua moja au mbili, kundi zima lafaa lipitiwe tena.

MPAKA WA VIDEO

Yako mambo ambayo hata video iliyonukuliwa kwa makini haiwezi kuyathibitisha, na ushahidi wake uko jirani nasi. Katika hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, watoa huduma walipewa mwaka 2010 mafunzo ya siku moja ya mpango huu huu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba waliofaulu zoezi la kumpumulisha mwanasesere walipanda kutoka asilimia 18 hadi 74 miezi saba baadaye. Lakini katika chumba cha kujifungulia chenyewe, kwa watoto halisi, huduma haikubadilika kwa kiasi hicho. Ni baada ya hospitali kuanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini ndipo vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipopungua, kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, kama ilivyoripotiwa mwaka 2015.

Kwa hiyo karatasi ya unukuzi inathibitisha kwamba mwanafunzi fulani, siku fulani, mbele ya mwanasesere, alianza kusukuma hewa sekunde ya 58 na kubinya kifuko mara 27 kwa nusu dakika. Haithibitishi atakachofanya usiku wa manane wodini, akiwa peke yake na akina mama watatu wenye uchungu. Hilo hubaki kazi ya msimamizi wa wodi na mazoezi ya kila wiki. Kinachoweza kufanywa na karatasi hiyo ni kumpa msimamizi pa kuanzia: kwamba huyu hana tatizo la barakoa wala la kichwa, bali mkono wake unakimbia, na anapofanya mazoezi asimamiwe na mtu anayehesabu.